Kiashirio cha sekunde kumi kwa mchezo wa redio wa Nungwi

*"Shikamoo mwalimu. Naandika mchezo wa redio wa mfululizo kwa redio jamii moja huku Unguja. Hadithi iko Nungwi: fundi wa majahazi amefariki, ameacha chombo nusu pale mchangani, na watoto wake wawili wanagombana nani akimalize. Mkuu wa vipindi anataka kiashirio kisichozidi sekunde kumi, mtu akisikia tu ajue yuko wapi na hali ikoje. Nimeweka mawimbi, ndege wa baharini, adhana kwa mbali, ngoma, halafu taarabu. Kila niliyemsikilizisha anasema ni kizuri, ila nikimuuliza ni wapi anajibu 'sijui, baharini labda'. Nimekosea wapi?"*

Marahaba mwanangu. Vitu vitano ndani ya sekunde kumi maana yake kila kimoja kimepata sekunde mbili, na sekunde mbili hizo zimeliwa na kingine kinachoingia juu yake. Msikilizaji hakupata nafasi ya kukitambua hata kimoja. Mimi ningebaki na sauti moja ya mahali na sauti moja ya muziki, basi. Hali ya hadithi, yaani huzuni na ule ugomvi, ningeiacha itokane na jambo litakaloipata ile sauti ya mahali ndani ya sekunde hizo kumi.

Tuanze na ulivyonavyo, maana vitatu kati ya hivyo vina kasoro ambayo huwezi kuisikia ukiwa umevaa hedifoni studioni.

Mawimbi ndiyo yanayodanganya kuliko vyote. Kwenye spika nzuri unasikia maji yakija na kurudi. Kwenye redio ndogo ya betri iliyo juu ya kabati la jikoni, uzito wa chini wa wimbi haupo tena. Kinachobaki ni "shhhh" tupu, sawasawa na mvumo wa redio iliyohama kidogo kutoka kwenye stesheni. Nimewahi kukaa na mama mmoja akisikiliza mchezo ulioanza kwa mawimbi: alinyoosha mkono kurekebisha kitufe, na alipomaliza jina la mchezo lilikuwa limeshatajwa. Mvua nayo ina tatizo hilohilo. Sauti isiyo na mwanzo wala mwisho unaoshikika haifai kufungua kipindi.

Ndege wako nimewasikia kwenye kipande ulichonitumia. Kile kilio kirefu ni cha shakwe wa bandari za Ulaya, kimetoka kwenye hazina ya sauti ya mtandaoni. Mtu wa Nungwi akiamka asubuhi anasikia kunguru, na akisikia kilio hicho atajua mara moja kwamba mtayarishaji hakufika. Wala kunguru usimweke badala yake, kwa kuwa analia hivyohivyo Mombasa, Tanga na Dar es Salaam.

Adhana itoe kabisa. Kwanza ni wito wa ibada, na kuufanya pambo la mchezo kutawaudhi watu unaotaka wakusikilize. Pili, kuna jambo la kiutendaji: mwezi wa Ramadhani watu hufuturu kwa adhana ya redioni. Kipindi chako kikirushwa jioni, au kikirudiwa saa nyingine, utamfungulisha mtu kabla ya wakati. Na hata tukiyaacha hayo, adhana inasikika miji yote ya pwani na mingi ya bara, hivyo haimwambii mtu kwamba yuko Nungwi.

Sasa jiulize: ni sauti gani mtu wa Nungwi akiisikia akiwa Chake Chake atasema "hapo ni kwetu"? Hadithi yako imeshakupa jibu, ila hukulitumia. Ni kazi ya chombo. Pale ufukweni bado watu wanaunda majahazi na ngalawa kwa mkono, na kazi hiyo ina sauti zake. Kuna tezo inayochonga ubao, kuna keekee inayotoboa mbao kwa kuvutwa upindi huku na huku, na kuna kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inasukumwa kwenye mianya ya mbao kwa chembeu na nyundo. Mimi ningechukua kalafati iwe sauti kuu, na keekee iwe msaidizi wake.

Nitakwambia kwa nini kalafati. Kila pigo lina mwanzo mkali, hivyo linapenya hata kwenye spika mbaya. Lina mwendo, kwa hiyo linaweza kufanya kazi ya ngoma, nawe huhitaji tena ngoma. Mlio wake unatoka kwenye ubavu wa chombo kitupu, ambao unaitikia kwa namna ambayo meza ya seremala haiwezi kuitikia. Tena mlio huo hubadilika: mwanya ukiwa bado wazi pigo ni zito na la kufa, na kadiri pamba inavyokaza ndivyo linavyopanda na kuwa kavu. Fundi mzoefu anajua kwa sikio lini pamba imetosha. Huo mpando mdogo ni hadithi nzima ya chombo kinachokaribia kukamilika, na msikilizaji ataupokea hata kama hajui ni nini.

Nenda ukarekodi mwenyewe, usitengeneze studioni kwa nyundo na kiti. Adui yako Nungwi ni upepo, kwa kuwa rasi ile iko wazi kwa kaskazi. Ukiweza, nenda kipindi cha maleleji, pepo zinapobadilishana. La sivyo, fika alfajiri kabla upepo haujaamka, na ukae upande wa chombo uliokingwa. Maikrofoni ivalishe kizuia upepo cha manyoya, kile cha sponji pekee hakitoshi ufukweni.

Rekodi sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa maikrofoni mbili. Ya kwanza, maikrofoni iwe kama mita moja na nusu kutoka kwenye chembeu, pembeni kidogo ili pigo lisiipasue sauti. Ya pili, ingia ndani ya chombo, au uweke maikrofoni upande wa pili wa ubavu, huku fundi akipiga nje. Ile ya kwanza inakupa ukali wa pigo na ya pili inakupa mwitiko wa mbao, na baadaye utazichanganya. Mwache fundi afanye kazi yake halisi mwanya mzima, toka pamba inaingia hadi inakaza. Usimwambie "piga sasa", kwa sababu mtu anayepigia maikrofoni hapigi kama anayefanya kazi. Kabla ya kuondoka, rekodi dakika mbili za pale mahali bila mtu kupiga wala kusema. Utaona baadaye ni za nini.

Ukirudi, pima mwendo wa fundi. Tuseme anapiga mapigo 96 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida wa mkono usio na haraka. Hapo hesabu inakuwa nzuri sana: pigo moja ni sekunde 0.625, mapigo manne ni sekunde 2.5, na mapigo 16 ni sekunde kumi kamili. Akipiga 88, mapigo 16 yatakaribia sekunde 11, basi tumia 14. Usivute rekodi kwa kompyuta ili itimie, mbao zikivutwa zinasikika za plastiki.

Sekunde zako kumi ningezipanga hivi.

Pigo la 1 hadi la 4 ni nyundo peke yake, kwa karibu, na inaanza palepale kwa nguvu yake yote. Watu wengi hupenda kuanza kimyakimya na kupandisha polepole. Kwenye sekunde kumi, kupandisha kwa sekunde tatu ni kutupa karibu theluthi ya muda, tena aliye kwenye mitambo anaweza kudhani faili ni bovu akapandisha kitelezi, na nyundo ikija inapasua masikio ya watu. Kumbuka pia kwamba kabla yako kulikuwa na tangazo la biashara au taarifa ya habari, yaani maneno mengi na muziki uliojaa. Nyundo kavu baada ya hapo inamfanya mtu ageuke.

Pigo la 5 linaingiza keekee chini ya nyundo, huku na huku, ikifanya kazi ambayo kwenye muziki wa kidumbaki ingefanywa na manyanga ya cherewa. Hapohapo inaingia fidla na sauti nne tu. Pigo la 9 fidla inaanza kurudia sauti zilezile, na nyundo sasa imekaza kidogo, maana umechukua mapigo ya mwisho wa mwanya.

Pigo la 11 nyundo inakatika. Keekee nayo inasimama. Fidla inabaki juu ya sauti ya pili, haijafika nyumbani. Pigo la 12 ni wazi, na hapo ndipo unapoweka kipande cha zile dakika mbili za hewa ya Nungwi ulizorekodi. Hapa ndipo hali inapopatikana. Sikio la mtu likishazoea mwendo kwa mapigo kumi, linalisubiri la kumi na moja, na lisipokuja mwili unashtuka kidogo kabla akili haijauliza kwa nini. Kuna mtu alikuwa anafanya kazi na ameacha. Huo ndio msiba wako na ndio ugomvi wako, na hujatumia neno hata moja.

Pigo la 13 hadi la 15 mwigizaji anataja jina la mchezo. Una karibu sekunde mbili hapo. Kiswahili kikisemwa kwa utulivu kinakwenda silabi tano kwa sekunde, hivyo jina lako lisizidi silabi kumi. Kama utauita "Chombo cha Marehemu", ni silabi saba, linakaa vizuri na linabaki na pumzi. Aliseme mmoja wa wahusika, tena kwa sauti ya mazungumzo. Sauti ya mtangazaji inamrudisha mtu kwenye stesheni wakati wewe unataka abaki ufukweni. Fidla chini yake ishuke kama desibeli 15 chini ya sauti ya mtu. Kisha pigo la 16 linakuja pigo moja la nyundo, kwa mbali, kutoka kwenye ile rekodi ya ndani ya chombo. Kuna mtu ameanza tena, na hatujui ni ndugu yupi. Kutoka hapo ingia moja kwa moja kwenye onyesho la kwanza.

Sasa zile sauti nne za fidla. Umeniambia ulitumia taarabu, nami nakubaliana kwamba muziki wa Unguja ndio utakaoifanya nyundo ile isisikike kama ya seremala wa popote. Lakini taarabu yenye kundi zima inahitaji muda ijieleze. Chukua fidla moja, na umwombe mpigaji akuchezee ndani ya makamu ya hijazi, yaani ngazi ya sauti ya taarabu yenye jina hilo. Ikianzia re, sauti zake nne za mwanzo ni re, mi bemoli, fa diezi na sol. Kati ya mi bemoli na fa diezi kuna ruko pana, na ruko hilo ndilo linalobeba simanzi na shauku kwa wakati mmoja. Ni mpito wa chini ya sekunde moja, na mtu wa pwani anautambua papo hapo. Mara ya kwanza fidla ishuke kutoka sol hadi re, ifike nyumbani. Mara ya pili iishie mi bemoli, sauti moja tu juu ya nyumbani, ikae hapo. Wanamuziki wengine watakushauri bayati, na bayati ni nzuri kweli, ila ile robo sauti yake ikipita haraka kwenye redio mbovu wasikilizaji wengine watadhani fidla imetoka kwenye upatano. Kwa sekunde kumi, hijazi ni salama zaidi.

Kuhusu ala, fikiria redio ya msikilizaji kabla ya uzuri wa ala yenyewe. Sanduku la kidumbaki napenda sana, lakini besi yake inakaa chini kabisa, na spika ndogo za simu na redio za mkononi hazitoi kitu cha maana chini ya hezi 300 hivi. Utasikia "tk, tk" ya waya na besi haipo. Udi nao kwenye nyuzi za chini unapotea. Fidla ikianzia re iliyo juu ya do ya kati iko hezi 294 hivi, na milio yake yote ya juu iko pale spika ndogo inaposema vizuri zaidi. Nai ingefaa pia, ila pumzi yake inaweza kuchanganyika na ule mvumo wa stesheni nilioutaja. Ukitafuta wapigaji, ulizia kwenye Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi pale Unguja. Kimekuwa kikifundisha fidla, kanuni, udi na kidumbaki tangu 2002. Mlipe mpigaji, andikianeni karatasi inayosema mtatumia wapi na kwa muda gani, na usichukue fidla kutoka kwenye rekodi ya kundi maarufu. Kipande cha sekunde tano bado ni mali ya mtu.

Ukimaliza kuchanganya, kijaribu kama kitakavyosikika. Tengeneza nakala ya mono iliyokatwa chini na juu, usikilize hiyo. Kama una programu ya ffmpeg, amri ni hii:

```
ffmpeg -i kiashirio.wav -ac 1 -af "highpass=f=300,lowpass=f=4000" jaribio.wav
```

Kubana kuwa mono ni muhimu kwa sababu ulirekodi kwa maikrofoni mbili. Redio nyingi za nyumbani zina spika moja, na rekodi mbili za pigo moja zikigongana, baadhi ya sauti hufutana. Dalili yake utaisikia: nyundo iliyokuwa nene kwenye hedifoni inakuwa nyembamba, kama inapigwa ndani ya mfereji. Dawa yake ni kuisogeza ile rekodi ya ndani mpaka vilele vya pigo vikutane na vya nje, au kugeuza mawimbi yake juu chini, kisha usikilize tena. Kwenye programu ya Audacity kugeuza huko ni Invert, iliyo ndani ya menyu ya Effect.

Halafu ichukue ile nakala, iweke kwenye simu, nenda jikoni mtu akiwa anakaanga, na uicheze ukiwa mlango wa pili. Usimuulize mtu kama ni nzuri, kwa sababu watakwambia ni nzuri, kama walivyokwambia. Muulize, "huyo mtu alikuwa anafanya nini?" Akijibu "anagonga mbao, halafu akaacha", umefika. Akijibu "kuna mtu anabisha hodi", pigo lako ni safi kupita kiasi na mwitiko wa chombo umepungua, ongeza rekodi ya ndani. Jibu hilo la hodi lichukulie kwa uzito, maana msikilizaji atakayekwenda kufungua mlango ameshakupotea.

Sikiliza pia mara moja ikiwa hewani kwa kweli. Stesheni nyingi zina kompresa inayovuta juu kila kilicho kimya. Kwenye pigo la 12, pale ulipoacha wazi, itapandisha chochote kilicho chini yake. Ukiwa umeweka hewa safi ya ufukweni, itapanda hewa ya Nungwi na mambo yatakuwa mazuri. Ukiwa umeacha mvumo wa upepo, utapanda huo.

Kuna mpaka mmoja lazima nikwambie. Msikilizaji wa Mbeya au Bukoba hatasema "Nungwi" kwa kusikia nyundo na fidla. Atajua ni pwani, ni kazi ya mikono, na kuna jambo zito. Jina la mahali atalipata kwenye maneno. Kwa hiyo onyesho la kwanza la kipindi cha kwanza lianzie penye nyundo: kaka mkubwa anakuta mdogo wake ameshika chembeu ya baba, anamwambia aiweke chini, na "Nungwi" litajwe ndani ya sentensi tatu za mwanzo. Rudia kuileta nyundo ndani ya maonyesho mara kwa mara katika vipindi vya mwanzo. Mtu akishajua nyundo ile ni ya nani, kiashirio kitaanza kufanya kazi ambayo sekunde kumi peke yake haziwezi.

Mwisho, usihifadhi faili moja tu iliyochanganywa. Weka nyundo, keekee, fidla, hewa na sauti ya mwigizaji kila kimoja kwenye mstari wake. Utahitaji toleo lisilo na jina kwa matangazo ya kipindi, kipande cha sekunde tatu cha kuunganisha maonyesho (mapigo manne ya nyundo na sauti mbili za fidla yanatosha), na toleo refu la kusomea majina ya waigizaji. Kwenye hilo refu, iache fidla ifike re kila mara isipokuwa kipindi kinapoishia kwenye ugomvi. Siku ndugu hao watakapopatana, yaani kipindi cha mwisho, badilisha pigo la 11 tu: nyundo isikatike.